Onyo la Kumi na Nne

Kwa miaka tisa Mama Cibalonza alipiga taipu katika duka la Hadji Mustafa, mjini Rumonge, lililouza injini za petroli za kuendeshea mashine za kukamulia mawese. Alikuwa ametoka Kivu Kusini na cheti cha sekretari. Kila injini iliondoka na karatasi ya maelekezo ambayo yeye ndiye aliyeigeuza kutoka Kifaransa, neno kwa neno.

Mwaka ule wa 2000, vita vikiwa milimani na wakati mwingine barabarani, mwanamke wa Bugarama aitwaye Esperance aliingia dukani na kuiweka karatasi hiyo mezani. Mume wake na shemeji yake walikuwa wamewasha injini ndani ya chumba, mlango umefungwa, ili sauti isiwafikie wenye bunduki. Walikutwa chini, wamekufa, hawana jeraha.

"Dada, mimi sijui kusoma. Nionyeshe walipokatazwa."

Cibalonza akatafuta. Onyo la kwanza lilikataza kupaka rangi juu ya jina la kiwanda. Yaliyofuata yalikuwa ya garanti, ya oili, ya chujio. Kwenye la kumi na nne akaona: "Inashauriwa injini isitumike mahali pasipo hewa ya kutosha, kwa kuwa moshi unaweza kuleta madhara, na chujio lisafishwe kila wiki." Yeye mwenyewe aliyeyaandika maneno hayo alichukua dakika nzima kuyapata.

"Iko hapa."

Esperance alisikiliza akisomewa. "Madhara ni kufa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hamkusema kufa?"

Siku tatu Cibalonza aliichambua karatasi ile kipande kwa kipande. Kila onyo alilitenga katika mistari mitatu: hatari yenyewe, itakachokufanya, unachopaswa kufanya. Kisha akayapanga upya. Yanayoua yakaenda juu: moshi ndani ya chumba, petroli kumiminwa injini ikiwa moto. Chini yake mkanda unaokata mkono, halafu bomba linalounguza. Rangi na garanti akazitupa mwisho kabisa.

Hadji Mustafa alisoma mstari wa pili tu.

"'Unaua'? Mama, mimi nauza injini au nauza majeneza?"

"Hadji, moshi huo unaua."

"Andika madhara. Madhara ni neno la heshima."

"Mafua pia ni madhara."

Fundi Hakimu, aliyekuwa akifunga boliti mlangoni, alicheka mpaka spana ikamtoka. Hadji hakucheka. Alisema wateja watatu wanakuja Jumamosi. Wakisomewa na kukimbia, kesho yake atatafuta sekretari mwingine. Cibalonza alikuwa na watoto wanne. Aliiacha "unaua" mahali pake, akadurufu.

Jumamosi, kama kawaida ya duka, Hakimu aliwasomea wanunuzi kabla hawajatia sahihi.

"Hatari: moshi wa injini ndani ya chumba. Unaua, sumu yake haina harufu, utasikia kichwa kikiuma na usingizi, hutaamka. Washa injini nje, mbali na milango na madirisha."

Akonkwa, mkamuaji wa mawese kutoka Minago, akamkatiza. "Nje? Mama, uliwahi kulala Minago wewe? Wenye bunduki wakiisikia, jioni wamekuja kuichukua, na mimi pamoja nayo."

Cibalonza aliitazama karatasi yake. Mstari wa tatu aliuandikia nchi yenye amani, na nchi hiyo haikuwepo. Hasira ilimpanda, wala hakujua aielekeze kwa nani: kiwanda, Hadji, wenye bunduki, au yeye mwenyewe.

"Nikifungua dirisha moja?" Akonkwa aliuliza.

"Mwambie ndiyo, twende kazi," Hadji alisema haraka.

"Hapana. Dirisha halitoshi. Hata mawili hayatoshi."

"Mama Cibalonza!"

"Hayatoshi, Hadji! Iwashwe nje, ikizimwa na kupoa ndipo ifungiwe ndani. Zaidi ya hapo sina cha kumwandikia. Kama kuna anayeweza kuondoa bunduki Minago, aje aandike yeye."

Wanunuzi wawili wa mjini walitia sahihi, maana wao walikamulia uani. Akonkwa aliirudisha kalamu.

"Nitakanyaga mawese kwa miguu, kama mama yangu. Murakoze, asante." Akaikunja karatasi. "Hii naichukua. Jirani yangu iko na injini, na anaiwasha ndani."

Alipanda baiskeli akaenda. Hadji aliitazama injini iliyobaki sakafuni, uso umemvimba.

"Umefurahi sasa?"

"Sijafurahi hata kidogo," alisema Cibalonza, na ilikuwa kweli. "Jirani yake alinunulia wapi?"

Hakimu ndiye aliyesema, polepole: "Hapa. Mwaka jana. Na wengine kumi na mmoja."

Cibalonza akavuta daftari la wateja, akaanza kunakili majina yao kwenye bahasha.

"Nani amekuambia uwatumie karatasi hiyo?" Hadji aliuliza.

Cibalonza alikunja nakala ya karatasi mpya, akaitia katika bahasha ya kwanza.