Fomu ya Baba Jentrix

Seline, karani wa shule ya harambee ya Nyamasaria, alijulikana kwa ufunguo uliokaa shingoni mwake, umefungwa kwa uzi wa wavu. Ulikuwa wa kufuli moja la kabati la chuma. Ufunguo wa kufuli la pili alikuwa nao mwalimu mkuu. Kabati halikufunguliwa mpaka wote wawili wawepo, na kila aliyesoma karatasi ya humo aliandikwa daftarini: jina, siku, sababu.

Humo zilikaa fomu tisa za wanabodi. Mwenyekiti, Bwana Mureithi, aliyestaafu kazi ya reli, ndiye aliyezianzisha Januari ile ya 1974. Fomu ya kwanza iliuliza swali moja tu: una maslahi yoyote? Wote wakaandika hapana, isipokuwa mzee mmoja aliyeandika, "Ng'ombe wanne." Seline akacheka peke yake, kisha akaomba ruhusa ayaandike maswali upya. Unafanya biashara gani? Nani katika mke, mume, wazazi, ndugu au watoto wako anaiuzia shule kitu, au anataka kuuza? Kuna nyumba ambayo mmeanza nayo mambo ya posa? Na chini, kwa herufi kubwa: LIKIBADILIKA LOLOTE, LETE HABARI NDANI YA SIKU KUMI NA NNE.

Hapo wakajibu vizuri. Absalom Obiero, seremala aliyetengeneza dawati la kwanza la shule ile, ndiye pia aliyemtafutia Seline kazi. Kwenye swali la posa aliandika hapana, na siku hiyo ilikuwa kweli.

Mwezi wa Juni, Jumatatu asubuhi, Absalom aliingia ofisini na kofia mkononi.

"Nyara," alisema, yaani binti yangu kwa Kijaluo, maana ndivyo alivyomhesabu Seline, "Jumamosi nilipata wageni. Bildad, kijana wa Waweru, anamtaka binti yangu Jentrix."

Seline alitaka kupiga vigelegele, lakini akakumbuka paa la shule. Waweru aliuza mbao mjini. Ijumaa bodi ingechagua mtu wa kuleta mbao za paa, na Waweru alikuwa mmoja wa watatu walioomba.

"Toa ile fomu tuichome," Absalom alisema kwa sauti ya chini. "Niandikie nyingine, uweke tarehe ya Januari."

"Baba Jentrix, Januari huyo Bildad alikuwa amekuja kwako?"

"Januari sikujua hata kama ameota ndevu."

"Basi ya Januari haina kosa. Itakaa. Utaandika nyingine ya leo, niishikanishe juu yake."

"Watasema nimetoa binti ili mkwe wangu apate tenda. Nitatolewa kwenye bodi kama mwizi."

"Fomu haiulizi kama umeiba. Inauliza una watu gani. Ukificha, ndipo watakutoa."

Absalom aliizungusha kofia. "Na shangazi zake hawajaambiwa. Ikitoka hapa itafika soko la Kibuye kabla ya saa sita."

"Wataisoma mwenyekiti na mwalimu mkuu tu. Kwenye mkutano utasema una ujamaa na Waweru, basi. Jentrix hatajwi."

Kengele ya mapumziko ikalia. Mzee akaomba kalamu.

Ijumaa, kabla suala la mbao halijaguswa, Mureithi aliuliza kama kuna mwenye uhusiano na waombaji. Absalom alisimama, akasema, akatoka. Seline aliandika: ametoka saa kumi na dakika kumi, kabla ya mazungumzo kuanza.

"Seremala kutoka mbao zikiingia," Mama Dorca, mwanabodi mwenzao, alisema, "ni kama paka kuikimbia omena."

Watu walicheka, kisha wakaona shida yao. Nani sasa atawaambia mbao gani ni nzuri? Wakamwita fundi Wakhisi kutoka mjini, asiye na undugu na yeyote kati ya wale watatu. Aligonga vipande vyote vya mfano, akanusa, akapima uzito mkononi. Vya Waweru ndivyo vilivyokuwa vimekauka, na bei yake haikuzidi ya wenzake. Bodi ikampa, ikaongeza sharti: kila lori litakaguliwa na Wakhisi, si Absalom.

Walipomwita ndani, Absalom alikuwa kwenye veranda, anakaza mguu wa benchi lililolegea. Alisikiliza uamuzi. Lile sharti lilimchoma kidogo, Seline aliona usoni mwake. Lakini aliketi mahali pake pa siku zote, na hakuna aliyemsogezea kiti mbali.

Jumatatu Mama Dorca alisimama mlangoni pa ofisi.

"Karani, nipe ile karatasi. Ndugu yangu ameingia ubia kwenye lori la mchanga, na nasikia shule itataka mchanga. Afadhali upate habari kwangu kuliko sokoni."

Seline alimpa kalamu, kisha akaenda kumwita mwalimu mkuu aje na ufunguo wake.