Hatua ya Sita

Efrazia Shemhilu hakuwahi kuendesha mashine yoyote isipokuwa cherehani ya mama yake. Kazi yake ilikuwa kusoma. Mwaka 1974 alikuwa na miaka thelathini na minne, na kumi na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, juu kidogo ya Soni. Alianza kwa kurudisha herufi za risasi kwenye visanduku vyake baada ya chapa. Siku moja aliyekuwa akisoma prufu, yaani chapa ya kwanza ya kukagua makosa, aliugua, Efrazia akaketi kwenye kiti chake, na hakuna aliyemwondoa tena. Nyimbo za ibada, kalenda, vitabu vya kisomo cha watu wazima, vyote vilipita chini ya penseli yake nyekundu.

Mwezi wa Juni ililetwa kazi ya namna nyingine. Idara moja ya maji ilikuwa inapeleka pampu za umeme katika vijiji kumi na vinne vya ujamaa kule bondeni, nayo ilitaka kijitabu cha maelekezo kwa Kiswahili, kurasa ishirini na nne, kabla ya Saba Saba. Mzee Kornelio, msimamizi wa wapanga herufi, aliipanga kwa siku nne. Prufu ilipotoka, Efrazia alimwita Klara, binti wa kufunga vitabu, amsomee mswada kwa sauti huku yeye akifuata prufu kwa kidole.

Mzee Kornelio hakuwa amekosea hata herufi moja. Hilo ndilo lililomshtua Efrazia, kwa sababu kijitabu chenyewe kilikuwa kimejaa makosa, na yote yalitoka kwenye mswada.

"Soma tena hatua za kuwasha," alimwambia Klara.

"Hatua ya 5, funga vali ya kutolea maji. Hatua ya 7, bonyeza kitufe cha WASHA. Hatua ya 7, fungua vali ya kutolea polepole. Hatua ya 8..." Klara akainua uso. "Dada, saba zimekuwa mbili."

"Na sita haipo."

Efrazia hakubadilisha namba. Alifungua kurasa za mbele kutafuta mahali hatua hiyo ilipotajwa, akaikuta ukurasa wa kumi na mbili: *Maji yasipotoka, zima mota, kisha rudia hatua ya 6.* Ukurasa wa kumi na moja ulisema: *Usiwashe kamwe pampu huku vali ya kutolea imefungwa,* wakati hatua ya 5 imetoka kuamuru ifungwe. Tena kulikuwa na vitufe. Kimoja kiliitwa kitufe cha WASHA, mbele kidogo kikawa swichi ya kijani, mbele tena kitufe cha kuanzishia. Kufikia adhuhuri alikuwa ameandika maswali kumi na tisa pembeni mwa prufu, yote yakiwa na namba.

Bwana Selemani, ofisa wa idara, alipanda kutoka Mombo siku ya pili kuchukua prufu iliyokwisha. Alikuwa kijana wa suti ya Kaunda, mwepesi wa maneno.

"Shikamoo mzee," alimsalimu Kornelio, kisha akamgeukia Efrazia. "Ndugu, hizi namba ni jambo dogo. Hiyo saba ya kwanza iite sita. Kwisha."

"Nikiiita sita, hatua ya sita itakuwa kubonyeza WASHA," Efrazia alijibu. "Halafu mtu ambaye maji hayatoki ataambiwa arudie kubonyeza WASHA. Ndivyo mnavyotaka afanye?"

Selemani aliivuta prufu karibu. "Basi zitoeni namba zote."

"Zikitoka, pengo litabaki pale pale, ila hakuna atakayeliona. Kitabu cha asili kiko wapi?"

"Kimerudi Dar es Salaam."

"Na pampu?"

"Moja imekwisha fungwa. Karibu na Mombo."

Efrazia akavua koti lake la kazini. "Tuifuate basi. Mzee Kornelio, usifunge kurasa kwa chapa bado."

Mzee akatikisa kichwa, akicheka. Alikuwa anamfahamu.

Landrova ya idara iliwateremsha kwenye kona za mlima mpaka joto la bondeni likawapokea. Pampu ilikuwa kwenye ukingo ulioinuka juu ya mto, chini ya paa la bati, na mwendeshaji wake, Rajabu, alikuwa akipangusa sanduku la swichi kwa kitambaa. Kwenye sanduku kulikuwa na vitufe vitatu: cha kijani kimeandikwa WASHA, chekundu ZIMA, cha manjano RUDISHA.

"Kaka Rajabu," Efrazia alisema baada ya salamu, "naomba usahau yote unayoyajua. Fanya ninachosoma tu, hata kama ni upuuzi."

Alisoma, Rajabu akatenda. Hatua ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, vali ikafungwa. Kisha akasoma: "Bonyeza kitufe cha WASHA."

Kidole cha Rajabu kilifika juu ya kitufe, kikasimama.

"Dada, nikibonyeza hapa nimeiua."

"Kwa nini?"

"Haina maji ndani. Pampu iko juu, mto uko chini. Kavu haiwezi kuvuta. Itazunguka bure, sili inayozuia maji kuvuja iungue. Kwanza unafungua kizibo hiki cha juu, unamimina maji mpaka yajae na mapovu yaishe, ndipo unaziba, unawasha."

Selemani alivua kofia, akajipangusa jasho. "Mimi ndiye niliyetafsiri," alisema. "Nililiandika hilo, nina hakika. Labda mpiga taipu aliliruka alipobadilisha karatasi. Lakini nilisoma mara mbili kabla ya kuleta, na sikuona."

"Wewe unajua kwamba pampu hujazwa maji," Efrazia alimwambia. "Ulisoma ukajaza mwenyewe. Mimi sijui chochote, ndiyo maana nilikwama."

Waliketi juu ya boksi la vipuri, prufu magotini. Kuhusu vali, Rajabu alieleza kuwa pampu huwashwa vali ikiwa imefungwa, kisha vali hufunguliwa polepole. Hatari ni kuiacha imefungwa wakati pampu inazunguka, kwani maji huchemka ndani. Selemani akafuta sentensi ya ukurasa wa kumi na moja na kuandika: *Ukishawasha, usiiache vali ya kutolea imefungwa.* Efrazia akauliza juu ya mota inayojizima yenyewe, ambapo kitabu kilisema kibonyezwe "kitufe cha kuanzisha upya."

"Cha manjano," Rajabu alisema. "Lakini kwanza usubiri ipoe, utafute sababu. Halafu RUDISHA, ndipo WASHA."

"Basi kitaitwa RUDISHA kila ukurasa, kama kilivyoandikwa hapa," Efrazia alisema. "Swichi ya kijani, kitufe cha kuanzishia, vyote vinakufa leo."

Maswali kumi na tisa yalipata majibu, na Selemani akatia sahihi kwenye kila moja. Kabla ya kuondoka, Efrazia alisoma hatua zote upya, ya sita sasa ikiwamo. Rajabu alijaza maji, akaziba, akabonyeza, akafungua vali kidogo kidogo, na bomba la mwisho wa shamba likakohoa mara mbili kabla ya kumwaga maji.

Mzee Kornelio alipanga upya kurasa saba bila kunung'unika sana. Prufu ya pili ilisomwa kama ya kwanza, neno kwa neno, na vitabu viliteremka Mombo tarehe tatu Julai.

Septemba Selemani alirudi na mswada wa kijitabu cha jenereta. Aliuweka mezani, akavuta kiti.

"Landrova iko nje," alisema. "Nimemwambia fundi atusubiri."

"Ngoja kwanza niusome," Efrazia alimjibu, akichonga penseli. "Siwezi kumsumbua fundi kabla sijajua maswali yangu ni mangapi."