Faini ya Marui

Jumapili ile nilitakiwa Marui kupeleka mahari. Mshenga wangu alishatangulia, na baba wa mchumba wangu, mfanyabiashara mwenye ulimi mkali, alikuwa ameonya: muoaji akichelewa, faini, asipofika kabisa, akaposee kwingine. Nami nilikuwa Kibaha, nimefungiwa ndani ya benki.

Mwisho wa wiki huo tulikuwa tunahama kutoka kadi za kuandikwa kwa mkono kwenda mashine mpya ya hesabu, na kazi yangu ilikuwa kuijaribu. Jumamosi makarani waliingiza salio la kila mteja, pamoja na kadi zilizoletwa kutoka Kisarawe. Jumla ya mashine ilipaswa kulingana na ya leja kuu. Ikazidi kwa shilingi 2,480. Meneja akatia ufunguo mfukoni, akasema hatoki mtu. Nilimchukia kwa moyo wote.

Nikahesabu akaunti, idadi ikawa ileile; hakuna iliyorukwa. Nikagawa tofauti kwa tisa, maana tarakimu mbili zikipishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa tisa bila kubakiza. Hii ilibakiza. Nikagawa kwa mbili, nikapata 1,240, nikapumua. Deni likiingizwa kama akiba, jumla huzidi mara mbili ya deni lenyewe. Tulimtafuta, basi, mteja aliyechota 1,240 zaidi ya alichonacho.

"Madeni yote nimeyaandika kwa wino mwekundu," alisema karani wa Kisarawe, mama wa makamo aliyekuja na kadi zake.

Kadi ya 1,240 tuliipata. Maandishi yalikuwa ya buluu.

"Mama, hii ni nyekundu?"

"Ilikuwa nyekundu, mwanangu. Wino uliadimika, nikachemsha choya, yale maua mekundu ya juisi, nikaandikia maji yake. Naona rangi imeghairi."

Alisema bila haya, kama anayezungumzia mchuzi uliochacha. Bahati nzuri, lilikuwa deni pekee lililoandikwa tangu wino uishe. Nikaliondoa upande wa akiba, nikaliingiza upande wa deni, mashine ikajumlisha upya. Tofauti ikawa sifuri, na meneja akafungua mlango. Nilipokuwa nairudisha kadi ndipo nikasoma jina. Lilikuwa la baba mkwe.

Nilifika Marui wali umeshapoa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kijana, mtu asiyetimiza ahadi mimi simkopeshi hata kiberiti. Faini shilingi hamsini."

Wazee wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Ulimi uliniwasha mpaka nikauuma, lakini siri ya mteja ni siri ya mteja, na binti yake nilimpenda kweli.

"Nisamehe, baba," nikasema, nikalipa.

Jumatatu mchana, mashine yetu ikiwa bado inang'aa, uliingia muamala wa kwanza wa akaunti ile. Baba mkwe ameweka shilingi hamsini. Deni likabaki 1,190.