Ngoie Mita Mia na Moto wa Ndani ya Mlima

Nitawaambia habari moja ambayo hakuna atakayeiamini, na wa kwanza kutoiamini atakuwa shemeji yangu, ambaye hata mvua haamini mpaka imloweshe. Ni habari ya shofeli wa Kamina aliyeokoa mtu kwa kuacha ufunguo ndani ya kamiyo, lori lake, na kwenda zake.

Mmeona? Mmeanza kucheka. Kwetu hapa shofeli akiacha ufunguo ndani ya gari huwa amelewa, au amekufa. Shofeli wa kweli analala chini ya kamiyo yake, kichwa kwenye gurudumu. Ikiharibika porini katikati ya Kamina na Lubudi, anakata matawi, anayapanga barabarani ili wengine wamuone, kisha anakaa. Wiki moja, wiki tatu. Mke anamletea bukari, ugali wetu, kwa baiskeli. Mzigo hauachwi. Hiyo ndiyo sheria, na Ngoie aliinyonya na maziwa ya mama kama sisi wote.

Lakini Ngoie tangu zamani alikuwa na mambo yake. Ni mtu mwembamba, mrefu, anaongea kama anayelipia kila neno. Jina la Mita Mia alipewa na wenzake kwa matusi. Mnalijua vumbi la Agosti njia ya Kolwezi: kamiyo moja ikipita, ya nyuma haioni hata pua yake. Wengine wanajibana nyuma ya mwenzao wapate kumpita. Ngoie alikuwa anabaki nyuma mpaka vumbi litue, mita mia na zaidi, anavuta ugoro wake. Watu wanaingia katika nafasi yake. Yeye anapunguza mwendo, anaitengeneza nafasi nyingine.

"Mita Mia, weye unaogopa nini mbele?" walimuuliza.

"Kile chenye siwezi kuona," alijibu, akanyamaza siku mbili.

Miaka ishirini na saba hajagonga kitu. Kuku tu, mara moja, na kuku yule alikuwa na makosa.

Basi tajiri mmoja wa Lubumbashi akawachukua Ngoie na Tshilumba waende kuleta pome, yale matofaa, kutoka kusini kabisa ya Afrika Kusini, kamiyo mbili zenye friji. Tshilumba mnamjua wengi: mtu mnene, mcheshi, familia yake ni ya Kasai lakini kitovu chake kimezikwa Kamina hapa. Dereva mzuri, mkono mwepesi, mguu mzito. Yeye hakuacha hata mita tano. Alikuwa anapenda kusoma namba ya gari la mbele bila miwani.

Kule kusini barabara inafika kwenye mlima na haiuzunguki. Inaingia ndani yake. Wanaita tuneli: tundu lililotobolewa katika jiwe, karibu kilomita nne, lenye taa na mapanka makubwa ya kusukuma hewa. Kamina yetu haina hata mlima wa kutoboa, kwa hiyo usiku wa kabla ya kupita mara ya kwanza, Ngoie aliomba karatasi ya maelezo pale madereva wanapolala. Maneno yalikuwa ya kizungu cha kule, hayakumsaidia. Michoro ilimsaidia. Aliiangalia kama fundi anavyoangalia injini, akaikunja, akaiweka mfukoni pamoja na rozari.

"Unasoma barabara kama Injili!" Tshilumba alimcheka. "Tuneli iko kama nyumba tu. Unaingia, unatoka."

"Nyumba iko na milango," Ngoie akasema. "Minyi natafuta milango."

Walipita salama wakienda. Habari yenyewe ni siku ya kurudi, saa nne asubuhi, jua kali, kamiyo zimejaa pome mpaka friji zinaguna.

Mbele ya mdomo wa mlima Ngoie akavua miwani yake ya jua. Akawasha taa za mbele, zile za chini, si zile kali zinazopofusha wanaokuja. Mchana kweupe! Tshilumba, aliyekuwa nyuma, alikuwa bado na miwani yake myeusi, maana ilimpendeza. Ngoie akatazama mshale wa mafuta, akatazama juu. Kule ndani njia za kupanda ni mbili na ya kushuka ni moja, na juu ya kila njia kuna taa: mshale wa kijani, pita, msalaba mwekundu, imefungwa. Siku ile juu ya njia ya kulia kulikuwa na mshale wa njano ulioinamia kushoto, na mbele zaidi msalaba mwekundu. Ngoie alikuwa kulia. Akatazama kioo, akawasha kiashiria, akahesabu mpaka tatu, akahamia kushoto mara moja, taratibu. Hakuhama tena. Ndani ya mlima mtu hachezi ngoma ya kulia na kushoto.

Tshilumba alijitupa kushoto dakika ya mwisho na honi juu.

Mbele yao kulikuwa na lori la zamani lililobeba majani makavu ya ng'ombe. Ngoie alipoona linapanda kwa kukohoa, akaongeza nafasi: mita mia, mia na ishirini. Tshilumba akampigia honi. Ngoie akabaki nyuma, kama kawaida.

Katikati ya mlima lile lori likasimama. Chini ya kabini kukatoka ulimi mdogo mwekundu. Kufumba na kufumbua, majani yakashika.

Hapa ndipo ile nafasi iliyochekwa miaka ishirini na saba ilipolipa. Ngoie alikuwa na barabara ya kutosha kusimama bila kupiga breki ya kifo. Akawasha taa za hatari zinazowaka na kuzimika pande zote, akajisogeza kwenye ukingo, akazima injini. Tshilumba akasimama nyuma yake, na pua yake karibu ibusu milango ya friji ya Ngoie. Nyuma ya Tshilumba magari madogo yalijaa. Juu, taa zote zikageuka misalaba myekundu, na sauti ikaanza kusema kutoka ukutani kwa lugha ambayo hakuna mmoja wao aliyeielewa.

Ngoie aliutazama ufunguo.

Mikono yake ilikuwa inauita. Ninyi mlio madereva mnajua: vidole vinauchomoa vyenyewe. Lakini mchoro wa tano wa ile karatasi ulikuwa ufunguo ndani ya gari, na mtu anatembea bila kitu mikononi. Wazimamoto wakifika, lazima waweze kulisogeza gari. Ngoie akavuta pumzi, akashuka, akaacha ufunguo pale pale, mlango bila kufuli. Alisema baadaye kwamba moto haukumtisha kama mlango ule.

Moshi wa ndani ya mlima haufanyi kama wa jikoni. Unapanda kwanza kwenye dari, unatembea pale juu kama mto uliopinduliwa, mtu anadhani ana muda. Halafu unapoa, unashuka wote pamoja. Ngoie aliuona umekwisha kufika juu ya kamiyo yake. Akakimbia kinyume na moto mpaka kwa Tshilumba.

Tshilumba alikuwa amejifungia. Ametia gia ya nyuma, anapiga honi kuwafukuza wale wa nyuma.

"Zima!" Ngoie akagonga mlango. "Utasaga bantu! Nyuma bameshuka, banatembea na miguu."

"Basi nageuza!"

"Hakuna kugeuza humu. Zima, shuka, acha ufunguo."

Tshilumba akazima. Hakushuka.

"Weye nenda, mukubwa. Minyi nabaki na kamiyo."

"Pome zitakufa. Weye utakufa pamoja nazo?"

"Hapana juu ya pome!" Na jitu lile lenye vichekesho likaukumbatia usukani. "Nilikuwa na miaka tisa, mwaka ule walitufukuza siye bantu ba Kasai. Baba aliacha nyumba yetu pale Kamina na mulango wazi, tukaenda ku gare ya treni na mabegi mawili. Alisema tutarudi. Tulirudi, kulikuwa bantu bengine ndani. Minyi niliapa, mukubwa. Siachi kitu na mulango wazi tena. Hata kimoja."

Ngoie, mtu wa Kamina ambaye familia yake haikuwahi kufunga begi, alisimama pale ngazini, moshi unamgusa nywele. Angeweza kumtukana. Angeweza kwenda: ukutani, mita themanini tu nyuma, taa ya mlango wa wokovu ilikuwa inawaka kijani, na picha ya mtu mdogo anayekimbia. Alikuwa ameuhesabu wakati wa kuingia, kama alivyohesabu yote.

"Tshilumba. Baba yako aliacha nyumba, kweli. Nani alikuwa mu mukono yake pale ku gare?"

Kikohozi.

"Minyi," akasema Tshilumba.

"Basi alijua cha kubeba. Shuka."

Nasema ukweli, na hapa sitii chumvi: kwa mtu anayelipia maneno, siku ile Ngoie alitumia akiba ya mwaka mzima. Tshilumba akashuka. Alifika chini, akarudisha mkono kwenye mlango, Ngoie akamtazama tu, na mkono ukatoka bila ufunguo.

Waliinama, vinywa vimefunikwa na shati, mkono mmoja unafuata ukuta. Karibu na mlango wa kijani kulikuwa na simu ndani ya kisanduku. Ngoie aliinua, akasema maneno matatu ya kizungu aliyokuwa nayo: moto, lori, watu. Hayo matatu, na namba iliyoandikwa juu ya kisanduku, viliwatosha waliopokea. Kisha wakaingia, mlango mzito ukajifunga nyuma yao, na upande ule, katika tundu la pembeni, hewa ilikuwa baridi na safi kama asubuhi ya Juni.

Hakuna aliyekufa. Shofeli wa lile lori alitokea upande wa mbele, nyusi zimeungua. Wazimamoto walipopita, walizikuta kamiyo zetu mbili zina funguo. Wakazirudisha nyuma kabla moto haujazifikia. Gari moja dogo, la mwenye akili nyingi aliyelifunga na kuondoka na ufunguo, lilibaki likawazibia njia mpaka likakokotwa kwa mnyororo. Jioni mkubwa wa wazimamoto alimpa Tshilumba mkono, akamwonyesha kamiyo yake, ufunguo wake, pome zake. Tshilumba alikaa kwenye ngazi ya kabini na kulia wazi, na hakuna aliyemcheka.

Siku hizi Tshilumba akiwa nyuma ya Ngoie hawezi kuisoma namba ya mwenzake hata kwa darubini. Madereva vijana wa Kamina wanaiga ile nafasi, na wakiitwa Mita Mia wanafurahi kama wameitwa monseigneur, askofu mwenyewe. Ngoie mwenyewe hasemi kitu. Ndiyo maana lazima mtu mwingine aseme, mtu mwenye ulimi, mtu anayejua kwamba Tshilumba ana kilo mia na thelathini bila viatu, na kwamba pale alipokataa kushuka Ngoie alimng'oa kama muhogo, akamtupa begani, akapita naye katikati ya ndimi za moto kilomita tatu nzima huku pome zinaokwa pande zote, na aliposikia mtoto analia upande wa pili akarudi tena na Tshilumba bado yuko begani, akampiga teke yule—

"Mujomba!" mpwa wangu akanikatiza. "Ilikuwa mita makumi nane, na Tshilumba alitembea na miguu yake."