Saa za Jioni na Mtoto wa Kwanza

Nilipomzaa mtoto wangu wa kwanza nilijiona najua kila kitu. Kabla ya kuolewa nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili kwenye zahanati ya misheni, huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru, enzi za Mwingereza. Nilifua mashuka, nilichemsha vyombo, na kila baada ya saa nne niligonga kengele ili wazazi wanyonyeshe. Sista wa Kizungu aliyekuwa mkuu wetu alikuwa na sheria moja: dakika kumi titi hili, dakika kumi lile, kisha mtoto alazwe hadi kengele nyingine. Akilia, aachwe. Mimi ndiye niliyewatafsiria wazazi sheria hiyo kwa Kimeru, na nikaiamini kama nilivyoamini katekisimu.

Mama mmoja alikuja kutoka Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, akiwa na mtoto asiyetaka kuachia titi jioni nzima. Nilimwambia, "Unamharibu. Mfundishe kungoja." Alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa nimewahi kushika mtoto wangu mwenyewe.

Basi, mtoto wangu akazaliwa, msimu wa kuchuma kahawa. Mume wangu alininunulia saa ya mezani mjini Arusha, nikaiweka juu ya sanduku la nguo karibu na kitanda. Siku za kwanza mambo yalikwenda, kwa sababu mtoto alikuwa wa kulala tu, nami nilimwamsha saa ikifika. Kuanzia juma la pili alibadilika. Mchana alinyonya na kulala vizuri. Lakini jua likishaelekea kuzama, ukungu ukiteremka kwenye migomba, alianza. Ananyonya kidogo, anaachia, analia, anatafuta tena. Nikimlaza, anaamka kabla sijafika mlangoni. Kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku nilikuwa naye kifuani au nilikuwa nasikiliza kilio chake huku nikiitazama saa.

Nilichoka uchovu nisioujua. Shingo iliuma, chuchu zilichubuka, na njaa ilinishika wakati ule ule ambao sikuwa na mkono wa kushika bakuli. Jioni matiti yangu yalikuwa laini kama mifuko mitupu, nikaanza kuwaza labda kweli hamna kitu.

Mama mkwe wangu aliwaza hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache, aliyenipikia mtori wa ndizi kila siku bila kuchoka. Jioni moja alisimama mlangoni na kikombe.

"Mwanangu, maziwa yako ni machache," alisema kwa upole. "Hata mimi yalikuwa machache. Wote niliwapa ya ng'ombe, nikaongeza maji. Na huyu tumpe."

Sheria ya sista ilikataza kunyonyesha nje ya saa. Kikombe hakikuwamo kwenye sheria. Nilikuwa hoi, nikakubali.

Mtoto alikunywa kwa kijiko, akalala palepale. Nililia kwa furaha. Tukampa na kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne akaanza kuharisha, na matiti yangu, ambayo jioni ya kwanza ya kikombe yalijaa hadi kuuma, sasa hayakujaa tena kama zamani. Asubuhi ya siku ya tano nikambeba nikateremka zahanati.

Sista alikuwa amekwenda Moshi. Nilimkuta mkunga, mwanamke wa Kimeru aliyekuwa na watoto sita, ambaye zamani tulikuwa tukifua pamoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo wewe?"

Nikamweleza yote. Alimpima mtoto kwenye mizani, akaangalia daftari, akamfinya ngozi ya tumbo kuona kama amekaukiwa maji, akaniambia nimnyonyeshe mbele yake. Akainama karibu na shavu la mtoto kusikiliza.

"Anameza. Unasikia? Kabla hujaanza hicho kikombe, kwa siku alilowesha nguo ngapi?"

"Sita, saba. Sikuwa na pa kuanikia."

"Na amepita uzito wa kuzaliwa, ijapokuwa sasa uzito umesimama. Angekuwa haloweshi nguo, au anapungua, au amelegea hana nguvu ya kunyonya, ningekuambia neno lingine. Huyu maziwa anayapata."

"Sasa jioni analilia nini?"

Alichungulia nje kana kwamba sista angeweza kutokea. "Jioni maziwa hutoka polepole kuliko asubuhi. Titi ni laini, lakini si tupu. Tumbo lake dogo, kwa hiyo anakunywa kidogo kidogo, mara nyingi, kisha ndipo alale kwa muda mrefu. Na kule kunyonya ndiko kunakoliambia titi litengeneze zaidi, kwa sababu anakua. Ukimpa kikombe, anashiba, hanyonyi, na titi linaona halihitajiki. Acha kikombe. Mpe titi kila akitaka. Hiyo saa yako geuza uso wake ukutani."

"Lakini sista anasema..."

"Wangu sita hawakuwa na kengele," alisema, akafungua mlango amwite mama mwingine.

Nilipanda mlima kwa aibu. Nilimfikiria yule mama wa Oldonyo Sambu njia nzima. Sikumwona tena, na sikujua kama alinitii.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe akikata majani ya ng'ombe. Niliogopa kumwambia, kwa maana ilikuwa kama kusema yeye ndiye aliyemwumiza mjukuu wake. Nilirudia maneno ya mkunga moja moja. Aliendelea kukata. Kisha akaweka panga chini.

"Kwa hiyo jioni ndipo anapoyaita maziwa ya kesho," alisema.

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Mimi jioni sikukaa hata siku moja. Jioni ni majani, ni kukamua, ni maji ya mferejini. Mtoto nilimwachia dada yake na kibuyu cha maziwa." Alifuta mikono kwenye kanga. "Miaka yote hii nimesema nilizaliwa na maziwa machache."

Aliokota panga, akamaliza mzigo wake.

Jioni ile, mtoto alipoanza, nilikaa kwenye kigoda karibu na moto na sikuinuka. Mama mkwe alichukua mwiko mkononi mwangu. Mume wangu, aliyekuwa akimenya kahawa kwa mashine ya mkono nje, aliingia akauliza chakula kiko wapi, na mama yake akamwambia, "Kiko mezani, jipakulie. Huyu ana kazi." Mama mkwe mwenyewe alinilisha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kwa kijiko, kama mgonjwa, huku mtoto akihama titi hili kwenda lile, na kurudi.

Haikuwa rahisi. Siku mbili tatu za mwanzo alilia zaidi, maana maziwa yalikuwa yamepungua na ilibidi yarudi. Kisha kuharisha kukaisha, nguo zikalowa, na baada ya jioni ndefu alilala usingizi mmoja mzuri, nami pia. Jioni zenyewe ziliendelea hadi alipokaribia miezi mitatu, zikipungua bila mimi kutambua. Siku moja jua lilizama, nikajikuta nimesimama uani mikono mitupu, naye amelala ndani, nikakaa chini kwenye nyasi kwa sababu sikujua nifanye nini kwanza.