Macho ya Mwalimu Kajetani

Mume wangu, Kajetani Mapunda, ni mtu wa kusifiwa. Mimi mwenyewe nimemsifu mbele za watu miaka mingi, kwa hiyo leo mniache niseme na mengine.

Alisomeshwa na mapadre mpaka Kilatini kikamkaa kichwani, akaachana na upadre kabla haujamfikia, akapata nafasi ya kwenda kusoma Pune, huko India. Wenzake waliokwenda nje walirudi na udaktari na uhandisi. Wangu alirudi na Kisanskriti, lugha ambayo hata Wahindi wenye maduka ya mjini hawaizungumzi. Basi akafundisha historia sekondari hapa Songea mpaka akastaafu, na kile Kisanskriti chake akakiweka rafu ya juu na vitabu vyake, nikawa nakifuta vumbi kila Jumamosi.

Alipostaafu tu, likaja furushi kutoka Pune. Mwalimu wake wa huko alikuwa amefariki, na chuo kilikuwa kimekuta beti za Kisanskriti alizozikusanya maisha yake yote, mafungu mawili makubwa. Alikuwa amezipiga kwa taipureta kwa herufi hizi hizi zetu, kama wanavyofanya wataalamu, halafu zile alama ambazo taipureta haina akazitia kwa kalamu ya wino: mstari juu ya irabu ndefu, nukta chini ya herufi hii, mkwaju, yaani kistari cha mshazari, juu ya ile. Chuo kilitaka kuchapa kitabu kwa maandishi ya Kihindi yenyewe, yanayoitwa Devanagari. Walijaribu mashine ya kusoma karatasi, ikasoma herufi na kuacha wino. Mistari ikapotea, nukta zikapotea, ikabaki mifupa tu. Ndipo mtu mmoja kule akamkumbuka Kajetani.

Siku ile alicheka kama kijana. Nami nilifurahi, Mungu anajua. Nilidhani sasa ile rafu ya juu itatulipa, kama si kwa pesa basi kwa heshima.

Miezi michache baadaye nikamkuta dirishani ameishika karatasi karibu na pua, anaigeuza huku na huku. Tulikwenda hospitali, daktari akasema ni presha ya macho, imekwisha kula sana, na kilicholiwa hakirudi. Tulirudi nyumbani Mfaranyaki mpaka tukafika mlangoni. Hapo ndipo Kajetani akaniambia, "Mama Dorine, herufi bado naziona kwa shida. Nukta sizioni kabisa."

Nikamwambia awaandikie wa Pune, awaeleze. Akakataa. Alisema hakuna chuo kitakachompa beti zenye nukta mtu asiyeona. Wangelichukua furushi lao siku hiyo hiyo.

"Sasa utafanyaje?" nikamuuliza.

"Wewe una macho. Umefundisha watoto wa chekechea kusoma. Nisomee herufi moja moja, mimi nitaandika."

"Kihindi?"

"Herufi ni zako. Kihindi ni changu."

Akaongeza neno moja, nalo ndilo lililoniingiza mkenge. Alisema kitabu kikitoka, jina langu litakuwa ukurasa wa mbele: Adela Mapunda, aliyesoma mswada. Mimi jina langu limeandikwa kwenye cheti cha ubatizo na cha ndoa, basi. Kwingine kote ni Mama Dorine, au mke wa mwalimu. Nikaiacha cherehani yangu na sare za shule za watoto wa watu, nikakaa dirishani kila asubuhi, maana wino ule ulitaka mwanga wa jua.

Nilizipa alama majina yangu. A yenye mstari niliiita a ndefu. Nukta juu ya n ilikuwa n ya kofia, nukta chini ilikuwa n ya kiatu. S zilikuwa tatu: tupu, ya kiatu, na yenye mkwaju. Nilisoma, "R, a ndefu, m, a, h ya kiatu," naye vidole vyake vikatembea kwenye kompyuta, ikatokea रामः. Ile h ya kiatu wao huiita visarga, pumzi ndogo mwishoni, na kwa Devanagari inageuka nukta mbili zinazofuata herufi. M ya kiatu ni anusvara, sauti ya puani, nayo inaacha kuwa m kabisa, inakuwa nukta moja tu kichwani mwa herufi. M tupu ni jambo jingine. Niliposoma "vanam", nikasema nafasi, halafu "atra", aliandika वनमत्र bila nafasi yoyote, kwa kuwa m ile inalidandia neno linalofuata. Nikimchanganyia m mbili hizo, alisimamisha vidole na kushusha pumzi. Ile pumzi nilikuja kuichukia kuliko tusi.

Nilikosea mara nyingi, sitasema uongo. Lakini naye masikio yake yalikuwa makali kuliko yangu. Kila tulipomaliza ubeti aliuimba, akirefusha penye urefu na kukatisha penye ufupi. Siku moja akakwama. "Silabi ya sita hapa lazima iwe nzito, yaani ndefu," alisema. "Umeniachia mstari."

"Hakuna mstari."

"Adela, upo."

"Baba Dorine, mimi ndiye ninayeona."

Nikaona nimemchoma. Nikaipeleka karatasi juani nikaiinamisha ili mwanga uipige kwa upande. Wino ulikuwa umefutika, lakini kalamu ilikuwa imeacha mfereji mdogo juu ya ile a, kama kucha ikipita kwenye sabuni. Nikamshika kidole chake nikakipitisha pale. Akacheka, akaniita profesa. Siku hiyo nilimpenda, na beti zake nikazipenda.

Kwenye jumuiya yetu ya sala nikaanza kujitapa. Mama Kunegunda, anayeongoza sala mtaani kwetu na kuongoza umbea vilevile, akaniuliza mbele ya wanawake, "Yaani kitabu cha Wahindi kitakuandika wewe, Adela wa Mfaranyaki?" Nikamjibu kitaniandika, ukurasa wa mbele. Wakacheka. Nikasema moyoni, mcheke tu, mtakuja kukishika.

Fungu la kwanza likaisha, likatumwa, nakala za kusahihisha zikarudi kwenye kompyuta. Wakati huo Kajetani alikuwa haoni tena hata herufi. Nilikuza kila ukurasa nikaulinganisha na karatasi ya mwalimu wake, kwa kuwa maumbo nilikuwa nimekwisha kuyajua ingawa maana siijui hata leo. Kwenye नदीं na wenzake niliona kitu. Ile i ndefu ya Kihindi ina upinde juu, na nukta ya anusvara inapaswa kukaa pembeni ya upinde. Kwa herufi walizochagua wapiga chapa, nukta ilikuwa imemezwa na upinde, haionekani. Nikamweleza. Akaniuliza umbo, akaniuliza tena, akathibitisha. Halafu akanitamkia barua niwaandikie wa Pune: *Nimegundua kwamba.* Niliandika nilivyoambiwa. Wakabadilisha herufi, wakamshukuru kwa jicho lake kali.

Nilimtazama alipokuwa akisikiliza shukrani zile. Aliitikia kwa kichwa kama anayestahili.

Utangulizi wa kitabu hakuuandika nyumbani. Alisema nimechoka, nipumzike. Akashikwa mkono na Bashiru, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala pale barabarani, akamtamkia huko dukani, Bashiru akachapa na kutuma. Sikuuliza. Nilidhani anataka kunishangaza na lile jina langu, na mtu hashangazwi na kitu alichokiandika mwenyewe. Bashiru tangu siku hiyo akiniona anajifanya anapanga karatasi.

Kitabu kilifika Julai, wakati wa baridi, kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Kajetani alikuwa amekaa uani juani na sweta lake la kijani. Alikipapasa jalada, akakinusa, akafungua akapitisha kiganja ndani. Machozi yalimtoka. Kisha akanipa. "Nisomee mistari michache," akasema. "Beti, si mengine."

Nikaanza na mengine.

Utangulizi ulikuwa wa Kiingereza, nacho nakijua cha kutosha. Alimshukuru marehemu mwalimu wake. Alimshukuru mkuu wa idara. Akawashukuru mapadre waliomfundisha Kilatini, wawili kati yao wamekufa zamani. Alimshukuru hata Bashiru, kwa huduma za uchapaji. Halafu nikasoma, kwa sauti, polepole, kama nilivyozoea kumsomea: *Kazi hii nimeifanya peke yangu, na kila visarga na kila anusvara nimevihakiki kwa macho yangu mwenyewe.*

Nikageuza ukurasa. Zilianza beti.

Kajetani alikuwa amekishika kiti. "Mama Dorine," akasema, "ningeandika jina lako wangeuliza, huyu mke alisoma kwa nini, mwenyewe hana macho? Wangejua. Wangesema kitabu cha kipofu, nani atakiamini? Kila nukta wangeitilia shaka."

"Na mimi nukta zangu ni za nani?"

"Ni zetu. Tunajua mimi na wewe. Haitoshi?"

Haitoshi. Niliona hasira inanipanda mpaka masikio yakaniuma. Laiti angeniambia kabla, labda ningekubali, maana nilimwonea huruma, na aibu yake naijua kuliko mtu yeyote. Nimemwongoza njia mpaka chooni nikijifanya tunatembea tu pamoja ili majirani wasijue. Lakini hakuniomba. Alinipeleka kupumzika, akaenda kunifuta kwa mkono wa Bashiru. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na mimi nilidhani wanasema habari za punda.

Nikawaza Jumamosi ya jumuiya, Mama Kunegunda akinyoosha mkono apewe kitabu.

Kajetani akakohoa kile kikohozi chake cha darasani, cha kufunga mada. Akapapasa mezani mpaka akalifikia fungu la pili. Wa Pune walikuwa wamekwisha kuandika: wameridhika, wanalisubiri. Alilivuta, akafungua kamba, akautoa ukurasa wa juu akaunyoosha hewani upande niliokuwa nimekaa, ingawa nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Twende," akasema. "Jua bado zuri. Anza na mstari wa kwanza."

Nikauchukua ukurasa. Wino wa humo ulikuwa umefifia kuliko wa fungu la kwanza, mistari mingine haikuonekana kabisa bila kuuinamisha ukurasa juani. Niliuona hivyo kwa kutupa jicho mara moja tu. Kisha nikamrudishia mikononi, nikamkunjia vidole vizuri asiudondoshe.

"Soma, Baba Dorine," nikamwambia. "Kwa macho yako mwenyewe."

Nikaingia ndani, nikaifunua cherehani. Kupitia dirishani nilimwona amekaa vilevile juani, ameuinua ukurasa mbele ya uso, midomo inatafuta silabi. Alikuwa ameushika juu chini. Nikatia uzi kwenye sindano.