Kadi Sita za Dobi

Wifi yangu alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka kumi na mmoja. Nafasi ya msimamizi ilipotokea aliomba, akaitwa kwenye usaili, akarudi amenyong'onyea.

"Waliniuliza niliwahi kutatua vipi ugomvi kazini," aliniambia jikoni kwangu. "Nikasema mimi ni mvumilivu, naelewana na watu. Wakaandika neno moja, wakahamia swali lingine."

Mimi kazi yangu ni kuajiri watu, na jibu hilo nimelisikia hadi masikio yamechoka. Nikamwambia maswali yale hayataki sifa, yanataka tukio. Asikariri majibu hamsini. Aandae visa sita au saba vya kweli, kila kimoja na kadi yake: hali ilikuwaje, yeye alitakiwa afanye nini, alifanya nini, mwisho ukawaje.

Jumamosi tukaketi.

"Mashine kubwa iliharibika, tukagawa mashuka ya upasuaji, tukapiga simu..."

"Tuka, tuka. Wewe ulifanya nini, wifi?"

Alicheka, akafuta, akaanza upya.

Kisa cha blanketi jekundu lililogeuza mashuka meupe kuwa ya waridi kilimwia kigumu. Nilimshauri ataje pia kwamba taa ya chumba ilikuwa mbovu, ili kosa lisionekane lake.

"Taa ilikuwa nzima. Blanketi nililitia mwenyewe," alisema. "Wakinichimba nitasemaje?"

Niliona haya kidogo.

Nyuma ya kila kadi aliandika maswali ambayo kisa kingeweza kujibu. Kile cha sindano zilizosahaulika kwenye mashuka kilifaa kwa usalama, kwa kushawishi mtu, na kwa kuchukua hatua bila kutumwa. Ukweli haubadiliki, nilimwambia. Unachobadilisha ni pa kuanzia na pa kukazia.

Miezi minne baadaye nafasi ilitangazwa tena. Kwenye usaili wakamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye kadi yoyote: lini alifanya kazi na mtu asiyemheshimu?

Alichukua kisa cha sindano na kukianzia kwa muuguzi mkuu wa wodi, aliyemwambia dobi asimfundishe kazi. Alieleza jinsi alivyokusanya sindano kwenye kopo gumu, akaandika siku na wodi, akampelekea bila maneno mengi, kisha akaomba ndoo ya sindano isogezwe karibu na vitanda.

"Zilikuwa ngapi?" mmoja aliuliza.

"Tisa kwa wiki mbili."

"Zikaisha?"

"Hapana. Mwezi uliofuata nilikuta moja. Lakini tangu hapo sindano ikikosekana wodini, muuguzi yule hunipigia simu mwenyewe."

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Siku hizi anasimamia watu kumi na wanne. Mimi nilimpa utaratibu tu. Ujasiri wa kusema "hapana" mbele ya watu watatu wenye kalamu alikuja nao mwenyewe.